Anapoona watu wasiokuwepo jioni: kuitambua dimensia ya Lewy nyumbani

Mzee anakumbuka nani alikuja kumsalimu juzi na aliondoka saa ngapi. Anajua nani anamdai na ni kiasi gani. Lakini jua likianza kuzama anamuuliza binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa watoto waliokaa kwenye kochi ni wa nani?" Na kochi ni tupu.

Familia nyingi hukwama hapo. Wamezoea kusikia kwamba dimensia ni kusahau, na huyu hasahau. Basi wanasema ni uzee, au amerukwa na akili, au anatafuta kuangaliwa. Mimi ni muuguzi na nimehudumia wazee kwa miaka mingi, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu hali hiyo ina jina, ina dalili zinazoonekana nyumbani kuliko hospitalini, na kuikosea kunaweza kumfanya mgonjwa apewe dawa ya kumdhuru. Inaitwa dimensia ya Lewy.

Jina limetokana na daktari Mjerumani, Friedrich Lewy, aliyeeleza mwaka 1912 vidonge vidogo vya protini alivyoviona kwa darubini ndani ya chembe za ubongo wa wagonjwa wa Pakinsoni, ugonjwa unaotetemesha na kukakamaza mwili. Mwaka 1976 daktari Mjapani, Kenji Kosaka, alieleza mgonjwa wa dimensia ambaye vidonge hivyo vilitapakaa kwenye gamba la ubongo, si sehemu ya chini tu inayoongoza mwendo. Kwa hiyo ugonjwa huu ni ndugu wa karibu wa Pakinsoni. Dalili za akili zikitangulia, au zikija ndani ya mwaka mmoja tangu mwili uanze kukakamaa, madaktari huuita dimensia ya Lewy. Mtu akiishi na Pakinsoni zaidi ya mwaka ndipo akili ikaanza kuyumba, huitwa dimensia ya Pakinsoni. Kwa anayemhudumia nyumbani, kazi ni karibu ileile.

Hatua ya 1: Angalia nini kilianza kuharibika

Katika Alzaima, ambayo ndiyo dimensia ya kawaida zaidi, uharibifu huanzia kwenye sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Mgonjwa anauliza swali, anajibiwa, na baada ya dakika tano anauliza tena kwa sababu jibu halikuhifadhiwa kabisa. Hata ukimdokezea, hakuna kitu cha kudokeza.

Katika dimensia ya Lewy, mwanzoni kumbukumbu huwa imo ndani ila inachelewa kutoka. Ukimpa kidokezo kidogo, anaipata. Kinachoharibika mapema ni mambo matatu: umakini, uwezo wa kupanga jambo lenye hatua kadhaa, na uwezo wa macho na ubongo kuelewana kuhusu mahali vitu vilipo. Utamwona anaweka kikombe pembeni mwa meza na si juu yake. Anafunga vifungo vya shati kwa kuruka kimoja. Anasita mlangoni kwa sababu rangi ya sakafu imebadilika na kwake inaonekana kama shimo. Mpe karatasi achore saa ya ukutani yenye namba zote. Mara nyingi namba zitarundikana upande mmoja, ingawa anaweza kukueleza vizuri kabisa saa inavyosomwa.

Kisha uliza kuhusu usingizi, na hapa muulize anayelala naye chumba kimoja. Je, usiku hupiga kelele, hurusha ngumi na mateke, kana kwamba anaigiza ndoto? Mtu wa kawaida akiota, misuli yake hulegezwa ili asitembee na ndoto yake. Katika ugonjwa huu breki hiyo hukatika, na inaweza kukatika miaka mingi kabla ya dalili nyingine yoyote. Wake wengi wameniambia, "Mume wangu ameanza kupigana usingizini tangu zamani," wakidhani ni jambo lisilohusiana. Linahusiana sana. Kufunga choo kwa muda mrefu na kupoteza uwezo wa kunusa nako huwa kunatangulia, ingawa hivyo peke yake havithibitishi kitu.

Hatua ya 2: Yatazame maruweruwe yenyewe

Maruweruwe ya Lewy yana sura yake. Huwa ni ya kuona zaidi kuliko ya kusikia. Huwa kamili, yenye umbo na rangi: watoto, watu wafupi, paka, wadudu wanaotembea ukutani. Mara nyingi wako kimya. Hujirudia, wageni walewale mahali palepale. Na jambo linalowashangaza watu ni kwamba mgonjwa mara nyingi hana hofu nao, na wakati mwingine anajua si wa kweli.

Pembeni yake kuna dalili ndogo zaidi zinazokuja mapema: kuhisi kuna mtu amesimama nyuma yake, au kuona kitu kikipita kwa pembe ya jicho, au kuliona koti lililotundikwa kuwa ni mtu. Uliza moja kwa moja, kwa upole na bila kumhukumu, kwa sababu wazee wengi huficha wakihofia kuitwa vichaa.

Kabla ya kuamua kwamba ni ubongo, mpeleke kupima macho. Mtu mwenye mtoto wa jicho au uoni uliofifia sana anaweza kuona picha zisizokuwepo huku akili yake ikiwa nzima. Na hata aliye na dimensia ya Lewy, macho yakitengenezwa maruweruwe yanaweza kupungua, kwa sababu ubongo unapata picha bora ya kufanyia kazi.

Hatua ya 3: Andika saa kwa siku 14

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Ugonjwa huu hupanda na kushuka. Leo mzee anajadili habari kwa makini, kesho ameduwaa kitandani hajui kijiko kinashikwaje. Na siku ya kliniki, kwa msisimko wa safari na sura mpya, mara nyingi huwa katika ubora wake. Daktari anamwona kwa dakika chache akiwa ameamka vyema, anampima, na anasema hakuna tatizo kubwa. Ushahidi umebaki nyumbani.

Chukua daftari, kila siku andika: saa ngapi alikuwa macho na makini, saa ngapi alisinzia na kwa muda gani, saa ngapi aliona kitu na ni kitu gani, mwanga wa chumba ulikuwaje wakati huo, na dawa gani alikunywa saa ngapi. Usiandike maelezo marefu. Mstari mmoja kwa kila tukio unatosha.

Unapolisoma baadaye, jiulize maswali manne ambayo madaktari hutumia. Je, husinzia au kupoteza nguvu mchana ingawa amelala usiku wa kutosha? Je, hulala mchana kwa muda wa saa mbili au zaidi kabla ya saa 1 usiku? Je, kuna nyakati maneno yake hutoka bila mpangilio, hayaeleweki? Je, hukaa muda mrefu akitazama mbele tu? Mambo matatu au yote manne yakiwapo, uwezekano wa Lewy unapanda sana ukilinganisha na Alzaima.

Hatua ya 4: Tofautisha jioni ya Alzaima na jioni ya Lewy

Jioni huwa ngumu katika dimensia zote mbili, na hapo ndipo watu huchanganya. Katika Alzaima, hali ya machweo hufuata saa. Alasiri ikiisha mgonjwa anaanza kuhangaika, anataka "kurudi kwao" hali yuko kwao, anazunguka mlangoni. Asubuhi ametulia. Unaweza kutabiri.

Katika dimensia ya Lewy, mawimbi ya akili hayafuati saa. Yanaweza kuja saa 4 asubuhi, yakaondoka baada ya nusu saa, yakarudi kesho mchana. Lakini juu ya mawimbi hayo jioni huongeza mzigo wake, na maruweruwe huzidi. Sababu ziko tatu, na kila moja ina kitu cha kufanya.

Ya kwanza ni mwanga. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayopokea picha kutoka machoni, hufanya kazi chini ya kiwango katika ugonjwa huu, na kemikali iitwayo asetilikolini, inayosaidia umakini, imepungua sana. Mwanga ukiwa mwingi, ubongo unapambana na kuelewa. Mwanga ukififia, picha inakuja nusu, na ubongo unajaza nusu iliyobaki kwa kubuni. Mkunjo wa pazia unapata uso. Mtu aliyeakisiwa kwenye kioo cha dirisha, nje kukiwa na giza, anakuwa mgeni anayechungulia.

Ya pili ni mpaka kati ya ndoto na kuamka. Nimeeleza jinsi breki ya ndoto inavyokatika. Mgonjwa aliyesinzia kochini saa 11 jioni anaweza kuamka huku ndoto haijamwachia, na kwa dakika kadhaa anaona vya ndotoni na vya chumbani kwa pamoja. Saa ya mwili, inayoongozwa na mwanga wa mchana, nayo imelegea, hivyo usingizi unatawanyika ovyo.

Ya tatu ni uchovu. Umakini ni kama betri iliyochakaa: asubuhi imejaa, jioni imeisha. Na jioni ndipo nyumba inapojaa watu, televisheni inawaka, na anayemhudumia amechoka na subira yake imepungua.

Hatua ya 5: Panga jioni upya

Washa taa kabla giza halijaingia. Usingoje mpaka usione. Lenga mwanga unaoenea chumba kizima, si balbu moja ya pembeni inayotengeneza vivuli virefu. Funga mapazia kabla vioo havijaanza kuakisi watu waliomo ndani, na ondoa au funika kioo kikubwa. Ondoa makoti na kofia zilizotundikwa. Ondoa kitambaa au zulia lenye maua mengi, kwa sababu maua hayo hugeuka wadudu.

Mchana, mtoe nje kwenye mwanga wa jua asubuhi, na usingizi wa mchana uwe mmoja, mfupi, usiozidi nusu saa au karibu na hapo, na umalizike kabla ya alasiri. Mambo yanayohitaji akili, kama kuoga, kutia saini karatasi au kwenda kliniki, yafanywe katika saa ambazo daftari limeonyesha yuko vizuri.

Akiona kitu, usibishane na usidanganye. Mazungumzo haya ni ya familia niliyoihudumia:

"Wale watoto wamerudi," alisema mzee.

"Mimi siwaoni, Baba, ila najua wewe unawaona. Wanakusumbua?"

"Hapana. Wamekaa tu."

"Basi njoo huku tukae wote, nimewasha taa."

Wakati wanahama, binti aliwasha taa ya sebule pia. Kubadilisha chumba na mwanga mara nyingi huvunja picha. Kumwambia "hakuna mtu hapo, acha upuuzi" kunamfanya ajifiche, na kesho hatakuambia. Kuigiza kwamba nawe unawaona kunampotezea mtu pekee ambaye angemsaidia kupima ukweli.

Hatua ya 6: Linda mgonjwa dhidi ya dawa zisizomfaa

Hapa tafadhali soma polepole. Mzee akihangaika usiku na kupelekwa hospitalini, jambo rahisi ni kumdunga dawa ya kutuliza. Haloperidoli na klopromazini, zinazotumiwa kwa watu wenye kichaa, huziba kemikali iitwayo dopamini, ambayo mgonjwa wa Lewy tayari amepungukiwa nayo. Matokeo yanaweza kuwa mwili kukakamaa kama ubao, kushindwa kumeza, kuzama kwenye usingizi mzito, homa kali na hata kifo. Nilimwona mzee aliyeingia akitembea, akadungwa usiku, na asubuhi hakuweza kujigeuza kitandani. Ilichukua wiki kadhaa kurejesha sehemu tu ya nguvu zake. Hakuna aliyemwuliza mkewe kuhusu ndoto wala kutetemeka.

Metoklopramidi, ya kuzuia kutapika, huziba dopamini vilevile. Kundi la pili la hatari ni dawa zinazopunguza asetilikolini: promethazini, klofeniramini iliyomo kwenye dawa nyingi za mafua, amitriptilini, oksibutinini ya kibofu, na benzheksoli inayotolewa kwa mtetemeko. Hizi zinaweza kumchanganya mgonjwa ndani ya siku moja. Hata levodopa, inayosaidia mwili kulegea, inaweza kuongeza maruweruwe, hivyo huanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole.

Andika kwenye kadi ya kukaa ndani ya pochi yake: "Dimensia ya Lewy. Asipewe haloperidoli wala dawa za aina hiyo bila daktari anayeujua ugonjwa huu." Usimkatishe mgonjwa dawa aliyoizoea wewe mwenyewe, peleka pakiti zote kwa daktari.

Dawa zinazosaidia ni zile zinazoinua asetilikolini: donepezili na rivastigimini. Kwa wagonjwa wengi hutuliza maruweruwe na kupunguza mawimbi, wakati mwingine kuliko zinavyofanya kwa wenye Alzaima. Hazitibu chanzo. Angalia kichefuchefu, kupungua uzito na mapigo ya moyo kuwa ya polepole. Donepezili ikileta ndoto kali, daktari anaweza kuihamishia asubuhi.

Mfano mmoja kuanzia mwanzo

Mzee wa sebule ile alikuwa na miaka 74. Kipimo cha akili kilimpa alama 25 kati ya 30, na familia iliambiwa ni kusahau kidogo kwa uzee. Lakini niliuliza alama tano zilipotelea wapi. Maneno matatu ya kukumbuka alikuwa ameyakumbuka yote. Alikosa nne kwenye kutoa 7 kutoka 100 mfululizo, na moja kwenye kunakili pembetano mbili zilizokatana. Kumbukumbu ni nzima, ila umakini na macho vimeyumba: hiyo si sura ya Alzaima inayoanza.

Daftari la binti lilikuwa na maruweruwe mara 11 kwa siku 14. Tisa yalikuwa kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku, yote sebuleni, karibu na mlango wenye makoti. Jikoni, penye taa kubwa, hakuona kitu hata siku moja. Mawili yaliyobaki yalikuja asubuhi, na yote mawili yalifuata usiku aliokunywa dawa ya mafua yenye klofeniramini. Siku sita alilala mchana zaidi ya saa mbili, na siku tano aliduwaa kwa muda mrefu. Mkewe alisema ndoto za kupigana zilianza miaka tisa nyuma.

Tulipima presha akiwa amelala dakika tano: 138 kwa 80. Akasimama, baada ya dakika moja ilikuwa 112 kwa 70, na baada ya dakika tatu 110 kwa 68. Kushuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, au 10 kwenye ya chini, hakupaswi kupuuzwa. Katika dimensia ya Lewy presha huporomoka hivyo mara kwa mara, na huo ndio mwanzo wa maanguko mengi ya usiku mzee anapoinuka kwenda chooni. Tangu siku hiyo alikaa pembeni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama.

Dawa ya mafua iliondolewa, makoti yakahamishwa, taa ikaanza kuwashwa saa 11 jioni, na daktari akaanzisha rivastigimini. Katika siku 14 za mwezi wa tatu tangu mabadiliko hayo, daftari lilikuwa na maruweruwe mara tatu.

Wakati wa kutongoja miadi

Mawimbi ya Lewy hurudi palepale yalipoanzia. Ikiwa mgonjwa amebadilika ghafla kwa saa chache au siku moja mbili, harudi kwenye hali yake, ana homa, anapumua kwa shida, mkojo umebadilika, hajaenda choo kwa siku nyingi, au ameanguka na kugonga kichwa, usilaumu jioni. Kuna kitu kingine kimemvamia juu ya dimensia, mara nyingi maambukizi, ukosefu wa maji au dawa mpya, na kinaweza kutibika. Mpeleke siku hiyohiyo, ukiwa na daftari, pakiti za dawa, na kadi yake mkononi.